Upande wa Pili wa Karatasi

Kasongo, tarehe 4 Februari 2024

Mkwe wangu mheshimiwa, Mama Mado Bisimwa,

Nakuandikia kwa sababu simu haifai. Huko Kabambare mpaka mtu apande kilima ndipo apate mtandao, na juu ya kilima watu wote husikia. Barua hii nimempa Djuma, mwendesha pikipiki anayeleta bidhaa za maduka yenu. Nimemwagiza aikabidhi mkononi mwako.

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe 19 Januari binti yako Esther-Divine aliondoka nyumbani kwa mume wake, mwanangu Chadrack, akiwa amembeba mtoto Sarah-Grâce mgongoni. Hakuaga. Tunajua kwamba yuko kwako. Hakupigwa, hakutukanwa, hakunyimwa chakula, hayo nayathibitisha. Shemeji yangu Michel, msemaji wa ukoo wetu, ametangaza kwamba asiporudi kabla ya mwisho wa Juni, atatuma wazee kuivunja ndoa, na mtoto akiachishwa ziwa ataletwa huku. Mimi sitaki hayo yatokee. Nina umri wa miaka sitini na minane, na nimekusudia kuyazuia.

Naomba unijulishe kama Esther-Divine amekueleza sababu. Hapa kwetu tuko salama.

Régina Ngoy, mwalimu mstaafu

*

Kabambare, 15 Februari

Mwalimu Régina, mukwe wangu,

Barua imefika, imelowa kidogo. Djuma alilala njiani mara mbili sababu ya matope.

Mutoto wetu iko hapa. Anakula, anachota maji, anatwanga. Sababu hajasema. Nikimwuliza, anachukua ndoo na kwenda mtoni hata kama ndoo ingine iko imejaa. Sarah-Grâce iko anatambaa.

Na wewe, Mwalimu, unaandika kama mukaguzi amekuja kwa masomo. Nilinyoosha mugongo nikisoma. Nikuulize pia: huko kwenu kulitokea nini? Mutu haachi nyumba nzuri hivi hivi.

Hapa tuko salama.

Mado

*

Kasongo, tarehe 27 Februari 2024

Mkwe wangu,

Umesema kweli kuhusu mkaguzi. Nilifundisha miaka thelathini na mmoja, na mgongo wangu mwenyewe bado haujajifunza kuinama.

Basi nikueleze habari nyingine. Shamba langu liko nyuma ya nyumba. Nimepanda mihogo na matembele, na mwaka huu kunde zimekataa. Asubuhi ninakunywa chai bila sukari, si kwa ugonjwa, bali kwa mazoea ya miaka ya vita. Siipendi redio ya jirani. Jumamosi ninakwenda parokiani, ambako sisi akina mama sita tunawasikiliza watu wenye taabu. Hatutoi mashauri, tunasikiliza tu. Ni kazi ngumu kuliko kufundisha, kwa maana mwalimu hulipwa ili aseme.

Nawe, siku yako inaanzaje? Unalima nini? Tumekuwa wakwe miaka mitatu, na sijui hata kama unapenda samaki au nyama.

Régina

*

Kabambare, 9 Machi

Mwalimu,

Napenda samaki. Nyama inaniuma meno, na meno yenyewe yamebaki machache, tunaheshimiana.

Nimelima mpunga na karanga. Asubuhi naamka, nasali, natukana kuku wa jirani, kisha nakwenda shambani. Juma iliyopita mbuzi alikula daftari ya katekista, majina yote ya wanaotaka ubatizo. Katekista akasema ni kazi ya shetani. Nikamwambia, «Baba, shetani hana pembe mbili na ndevu mbele ya kanisa, yule ni mbuzi wa jirani yetu Emilienne.» Batu walicheka mpaka akafunga ibada mbio.

Mume wangu Bisimwa alitoka Bukavu, alifuata zahabu ya machimbo ya Salamabila. Hakuipata, akauza chumvi kwa wale walioipata. Kama unataka kujua mawazo yangu, zahabu imeharibu vijana wetu kuliko pombe. Wengine wanasema nina wivu. Labda.

Nimeandika mingi. Sijui sababu gani. Maneno ni kama mutu iko kwa mulango, anaingia mwenyewe.

Mado

*

Kasongo, tarehe 22 Machi 2024

Mama Mado,

Nilicheka peke yangu juu ya mbuzi yule, na jirani alizima redio ili asikie kilichonipata.

Kuhusu zahabu nakubaliana nawe, ila naongeza kwamba tuliwafundisha vijana kuhesabu bila kuwaonyesha kitu cha kuhesabu.

Ngoja nikuambie jambo ambalo huwa sisemi. Mume wangu alipofariki, watu walisifu jinsi nilivyosimama bila machozi. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira naye. Aliniachia mtoto wa miaka tisa na shida ambazo tulikuwa tumeahidiana kuzibeba wawili. Mpaka leo nikipita makaburini ninamgombeza kimoyomoyo.

Sasa nawe niambie: Esther-Divine akiwa peke yake nawe jikoni, husema nini kuhusu Chadrack? Alisema aliona nini siku ya kuondoka?

Régina

*

Kabambare, 7 Aprili

Mwalimu Régina,

Karatasi zako una tabia ya kuzitumia pande mbili. Ni vizuri, karatasi ni ghali. Lakini safari hii upande wa nyuma ulikuwa na maandishi mengine ya mukono wako. Nayanakili usije ukasema nimeongeza:

«Barua ya kwanza na ya pili: mambo ya nje. Kazi, chakula, kijiji. Mfanye azoee. Barua ya tatu: mpe jambo moja la huzuni. Kanuni: anayepewa siri huhisi deni, atarudisha siri ya uzito uleule. Kisha uliza.»

Nilikuwa nimeanza kukujibu. Nilikuwa nimeandika mustari wa kwanza juu ya jambo ambalo sijamwambia mutu, hata Bisimwa. Nikageuza karatasi kutafuta mahali uliposaini, nikaona.

Hasira yako kwa mume wako ilikuwa chambo. Mimi nilikuwa samaki. Nilikuambia napenda samaki, nawe ukasikia vizuri.

Mado Bisimwa

*

Kasongo, tarehe 18 Aprili 2024

Mama Mado,

Sitajitetea kwa uongo. Niliandika barua ile nyuma ya ukurasa wa daftari langu bila kutazama. Yaliyoandikwa pale ni yangu.

Nataka ujue yalikotoka. Mwaka jana parokia ilimwita Bwana Jean-Paul, anayefundisha saikolojia hapa mjini, atufundishe siku tatu sisi akina mama wasikilizaji. Alieleza nadharia ya namna watu wanavyotoka katika ugeni wakafika katika urafiki. Kwa Kifaransa ina jina linalosikika kama mambo ya chumbani, ambalo sitaliandika kwa mkwe wangu. Akina mama watatu walilazimika kutoka nje kucheka. Kwa Kiswahili tuliiita kuingiana.

Alileta kitunguu akakikata mbele yetu. Akasema: mtu ana maganda. Ganda la nje ni yale ambayo hata mpita njia aweza kuyajua: jina, kazi, chakula akipendacho. Chini yake kuna maoni yake kuhusu dini, serikali na jirani. Chini zaidi kuna hofu zake na matumaini yake. Katikati kabisa kuna namna anavyojiona mwenyewe, na hapo hufika watu wachache sana. Watu wawili huingiana kwa upana, yaani wingi wa mambo wanayozungumza, na kwa kina, yaani jinsi wanavyoshuka. Maganda ya nje hupita haraka. Kadiri mnavyoshuka mwendo hupungua, kwa sababu kila hatua mtu huuliza moyoni: nikisema hili, nitapata nini na nitapoteza nini? Akiona faida imezidi hasara, huendelea. Akiona hasara, husimama. Na anayemwaga kiini chake siku ya kwanza humtisha mwenzake badala ya kumvuta.

Akasema pia kwamba mwanzoni watu hurudishiana: ukifungua kidogo, nami nafungua kidogo. Hilo ndilo nililolishika kama fimbo. Nilitaka kujua Esther-Divine amekuambia nini kabla sijasema langu. Nilikosa. Hata hivyo, hasira yangu kwa mume wangu ni ya kweli.

Nakuomba usinyamaze. Mwisho wa Juni unakaribia.

Régina

*

Kabambare, 2 Mei

Mwalimu,

Mvua bado iko. Mpunga umekomaa. Samaki hawapatikani siku hizi.

Mado

*

Kabambare, 12 Mei

Mukwe mheshimiwa,

Sarah-Grâce ameota jino. Hapa kwetu tuko salama. Nakutakia salama na nyumba yako.

Bi. Mado Bisimwa

*

Kasongo, tarehe 19 Mei 2024

Mado,

Barua zako mbili nimezipokea pamoja. Katika ile ya kwanza mzaha umekwisha, umebaki mpunga. Katika ya pili hata mpunga umeondoka, na nimerudi kuwa mkwe mheshimiwa. Bwana Jean-Paul alitufundisha na hilo: urafiki unaokufa hurudi kwa njia ileile uliyoingilia, ganda baada ya ganda, kutoka ndani kwenda nje, mpaka watu wabaki na «tuko salama». Nililiandika darasani kwa wino mwekundu. Sikujua nitakuja kulisoma kwa mwandiko wako.

Nimekaa na karatasi hii tangu Alhamisi. Ni mpya, pande zote mbili.

Chadrack ana kifafa. Kilimwanza akiwa na umri wa miaka tisa, mwezi ule aliofariki baba yake. Alianguka darasani, darasani kwangu, mbele ya watoto arobaini na wawili. Wakakimbia, kwa kuwa walifundishwa nyumbani kwao kwamba mate ya mgonjwa yakikugusa nawe utaanguka. Si kweli, lakini nami nilikimbia. Nilikuwa mama yake na mwalimu wake, nikasimama mlangoni pamoja nao mpaka alipotulia.

Tangu siku hiyo nilimficha. Nilimhamishia shule ya mbali. Nilimfundisha kusema «nilizunguka kichwa kwa njaa». Vidonge alivipata katika kituo cha afya, na alipovitumia kila siku bila kukosa alikaa miaka bila kuanguka. Alipooa aliogopa mke wake asivione, akawa anavimeza siku moja na kuacha mbili. Ni mimi niliyemwambia aviache mfukoni mwa koti.

Unakumbuka siku ya mahari. Mjomba wako Amuri aliuliza, kama desturi inavyotaka: «Nyumba hii iko na ugonjwa gani?» Kwetu swali hilo huulizwa ili lijibiwe «hakuna», kisha watu wanapokea kinywaji. Hakuna anayechunguza. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema, «Nyumba iko safi.» Nilitazama uso wako nikisema, kisha nikanyanyua bilauri.

Tarehe 18 Januari alianguka nyumbani karibu na jiko la makaa. Esther-Divine alikuwapo. Kesho yake akaondoka. Nimeamini kwamba alimwonea kinyaa, na nimeona aibu kwa niaba ya mwanangu, na aibu hiyo nimeigeuza kuwa maswali kwako.

Yaliyobaki ni yako kuamua. Waweza kumpa Michel barua hii, nami nitakubali kwamba ni yangu.

Régina

*

Kabambare, 12 Juni

Régina,

Djuma alipita mara mbili akiuliza kama kuna jibu. Nilimwambia ngoja. Mara ya pili akasema, «Mama Mado, kwa Kasongo yule Mwalimu anatoka njiani kila akisikia motokaa au pikipiki, hata ya polisi.» Nilikuacha utoke. Nilikuwa sijamaliza hasira.

Sasa nimemaliza. Soma ukikaa.

Esther-Divine hakuwa mutoto wangu wa kwanza. Kabla yake kulikuwa Blaise. Blaise aliishi miaka saba, naye alikuwa na kifafa.

Wakati ule hakuna mutu alinipa vidonge, na sikuuliza. Batu walimupa sahani yake peke yake. Mama mukwe wangu alisema alale katika kijumba cha nyuma. Nilikubali. Siku nikienda shambani nilimwambia Esther-Divine, «Mutazame ndugu yako.» Yeye alikuwa na miaka mitano. Siku moja Blaise alianguka katika moto wa mafiga. Esther-Divine alimvuta kwa mguu, hakuweza. Alikimbia kuniita, shamba liko mbali. Nilifika na Blaise alikuwa amekwisha.

Niliambia kijiji nzima kwamba ni homa. Bisimwa alikuwa Salamabila, naye nilimwambia homa. Nikamushika Esther-Divine mabega, nikamwambia, «Usiseme. Hata kwa baba. Hata kwa padri.» Hajasema miaka ishirini na moja. Wewe ulifundisha mutoto wako kuficha, na mimi wangu. Tulikuwa walimu wawili.

Ule mustari nilioanza kukuandikia Machi ulikuwa jina lake. Blaise. Nilikuwa nimeandika jina tu.

Barua yako niliisoma peke yangu mara tatu. Kisha nilimwita, nikamusomea yote, hata mahali ulisema ulikimbia. Aliposikia hapo alikaa chini. Akasema, «Mama, mimi sikumukimbia Chadrack. Nilimugeuza kwa ubavu, nikatoa makaa, nikakaa naye mpaka akaamka. Nilikimbia sababu nilijua nitakuwa tena mwenye kutazama. Siku moja nitakwenda mtoni, na nitarudi, na nitakuta.»

Ndivyo alivyosema. Hakuna kinyaa. Tulilia wote wawili, na Sarah-Grâce akalia sababu sisi tunalia, halafu akaacha sababu aliona kuku.

Sasa anapenda kurudi, lakini hatarudi kama alivyotoka. Anasema haya. Chadrack ameze vidonge kila siku, mbele yake, juu ya meza. Jiko liinuliwe kutoka chini. Na nyumba yenu yote, Michel na wengine, wajue, ili macho yasiwe yake peke yake. Akikuta hata mutu mumoja bado anadanganywa, atabeba mutoto atarudi kwangu. Mimi niko upande wake. Hata sasa, na wewe ukiwa rafiki yangu, niko upande wake. Ujue hivyo.

Mado

*

Kasongo, tarehe 20 Juni 2024

Mado, ndugu yangu,

Nimeikalia barua yako kama ulivyoagiza. Kisha nilisimama, nikalisema jina la Blaise kwa sauti, kwa sababu nilidhani halijasemwa katika nyumba nyingi.

Nilimpa Chadrack akaisoma. Alikwenda kuoga, akakaa huko muda mrefu kuliko maji yaliyokuwa ndani ya ndoo. Alipotoka alisema, «Mama, yeye alinigeuza kwa ubavu. Mimi nilifikiri niliamka mwenyewe.» Akavitoa vidonge katika koti akaviweka mezani. Asubuhi tulikwenda pamoja kituoni. Muuguzi alimkemea kwa kuruka siku, akamweleza kwamba kumeza na kuacha ndiko kunakoleta kuanguka. Leo ni siku ya tano.

Jana niliwaita wa ukoo. Michel alikuja amevaa koti, akidhani tunapanga safari ya kuvunja ndoa. Nilikuwa nimekusudia kusema mimi, lakini Chadrack alinishika mkono akasimama.

«Baba mdogo,» alisema, «nina kifafa. Nimekuwa nacho tangu nina miaka tisa.»

Michel alinitazama mimi, si yeye. «Mwalimu, tuliuliza mbele ya bakwe. Ulisema nyumba iko safi.»

«Nilisema uongo,» nilimjibu.

«Wewe? Uliyenichapa darasani kwa kudanganya juu ya kalamu?»

«Mimi huyo.»

Shangazi mmoja alivuta kiti chake nyuma kidogo kutoka kwa Chadrack. Nililiona, na naye Chadrack aliliona. Nikauliza ni nani kati yao anaogopa mate. Chadrack alikunywa maji katika bilauri, akaiweka mezani. Michel aliitazama kwa muda ambao sitausahau, akaichukua, akamalizia yaliyobaki. Akasema, «Haya. Tutajifunza namna ya kumgeuza.» Yule shangazi hakurudisha kiti. Nakuambia hilo ili Esther-Divine naye asidanganywe: kuna mmoja bado anaogopa, na tunajua ni nani.

Jiko fundi analiinua kesho, lifike kiunoni. Sijui kama yote haya yatatosha. Mwanangu aweza kuanguka tena, hata akimeza kila siku. Ninaogopa, na sikuandiki hili ili unirudishie hofu yako.

Kuhusu kuwa upande wa mtoto wako, baki hapo. Rafiki ambaye angemwacha mtoto wake kwa ajili yangu nisingemwamini.

Njooni wote watatu na Djuma, barabara ikikauka. Na wewe Mado, ukifika usisimame mlango wa mbele kungoja kukaribishwa sebuleni na kuletewa kiti cha mkwe. Zunguka nyumba. Mlango wa jikoni utakuwa wazi, nami nitakuwa ndani, na kuna kazi ya mikono minne.

Régina